Faida Milioni Tatu na Laki Tisa, Droo Ileile: Fifo au Wastani?

Jioni ya tarehe 31 Desemba nilikuwa nimekaa juu ya kreti ndani ya stoo ya duka moja la mafuta ya kula, Ngamiani, Tanga. Duka ni la ndugu wawili, dada na mdogo wake wa kike, wenye hisa sawa kwa sawa. Wanauza madumu ya lita 20 kwa wenye maduka ya mitaani na kwa kina mama wanaokaanga bajia, kachori na maandazi. Tulikuwa tumehesabu madumu mara mbili, maana safu ya nyuma ilikuwa gizani, na mara zote mbili tulipata 120. Nikafunga hesabu pale pale kwa kikokotoo. Nikawaambia faida halisi ya mwaka ni shilingi 3,900,000.

Mdogo mtu akavuta droo. Ndani mlikuwa na shilingi 1,000,000, kiasi kilekile walichoanza nacho Januari.

"Kaka," akaniuliza, "hiyo milioni tatu na laki tisa iko wapi?"

Swali lile ndilo lililonifanya niandike makala hii. Ni swali la haki, na jibu lake linapitia katika uamuzi ambao wafanyabiashara wengi huuacha kwa mhasibu bila kuuliza: stoku ya mwisho inapewa bei gani?

Tuanze na kadi ya stoku yenyewe. Duka lilifunguliwa Januari likiwa na madumu 100, kila moja limenunuliwa kwa shilingi 60,000. Machi wakaongeza madumu 200 kwa 66,000. Juni, 200 mengine kwa 75,000. Oktoba, 100 kwa 84,000. Mzigo mwingi waliuchukua kwa mali kauli, wakawa wanalipa kadiri wanavyouza, na kufikia Desemba hawakuwa wanadaiwa na mtu. Jumla ni madumu 600 yaliyogharimu shilingi 42,600,000. Waliuza 480 na kupata shilingi 39,600,000. Gharama za kuendesha duka, yaani pango, mshahara wa kijana wa stoo, umeme na mkokoteni, zilifika 3,000,000.

Hayo yote hayana ubishi, kila namba ina karatasi yake. Ubishi unaanza kwenye zile shilingi 42,600,000, ambazo inabidi zigawanywe mafungu mawili. Fungu moja ni gharama ya madumu 480 yaliyouzwa, nalo linakwenda kutolewa kwenye mauzo. Fungu la pili ni gharama ya madumu 120 yaliyobaki, nalo linakwenda kwenye mizania kama mali. Ukiongeza fungu moja, la pili linapungua kwa kiasi hichohicho. Kwa hiyo kila shilingi unayoiongeza kwenye stoku ya mwisho inakuwa shilingi ya faida.

Mimi jioni ile nilitumia njia ambayo dada mkubwa aliizoea tangu alipokuwa akimsaidia baba yao: kilichoingia kwanza ndicho kinachotoka kwanza. Sisi watu wa hesabu tunaiita fifo. Kwa njia hiyo, madumu 480 ya mwanzo ndiyo yaliyouzwa, na 120 yaliyobaki ni ya mwisho kuingia: 100 ya Oktoba kwa 84,000 na 20 ya Juni kwa 75,000. Stoku ya mwisho inakuwa 9,900,000, na gharama ya mauzo 32,700,000. Toa hiyo kwenye mauzo, faida ghafi ni 6,900,000. Toa gharama za duka, faida halisi ni 3,900,000.

Njia ya pili ni wastani, na wastani unaokubalika ni ule unaozingatia wingi wa kila mzigo. Unachukua shilingi zote 42,600,000 unazigawa kwa madumu yote 600. Kila dumu linakuwa limegharimu 71,000. Yaliyobaki 120 yanakuwa na thamani ya 8,520,000, gharama ya mauzo inapanda kuwa 34,080,000, na faida halisi inashuka hadi 2,520,000.

Duka ni lilelile na mauzo ni yaleyale, lakini faida zimepishana kwa shilingi 1,380,000. Tofauti hiyo yote imekaa kwenye bei ya madumu 120 yaliyopangwa ukutani.

Kabla sijaendelea, niseme jambo moja kuhusu huo wastani, kwa sababu ndipo ninapokuta makosa mengi kwenye vitabu ninavyopewa nivikague. Mtu anachukua bei nne, 60,000, 66,000, 75,000 na 84,000, anazijumlisha, anagawa kwa nne. Anapata 71,250. Inafanana sana na 71,000, na ndiyo maana kosa linapita. Lakini hesabu hiyo imeupa mzigo wa madumu 100 uzito sawa na mzigo wa madumu 200. Kuligundua ni rahisi. Zidisha 71,250 kwa madumu 480 yaliyouzwa, kisha kwa 120 yaliyobaki, ujumlishe. Utapata 42,750,000, wakati duka lilitumia 42,600,000 tu. Shilingi 150,000 zimezaliwa kutokana na kikokotoo. Njia yoyote utakayotumia, gharama ya mauzo na stoku ya mwisho zikijumlishwa lazima zirudi kwenye jumla ya stoku ya mwanzo na manunuzi, bila kuzidi wala kupungua. Zisiporudi, usiendelee kutafuta faida, rudi kwenye kadi.

Na wastani wenyewe una namna mbili. Huo niliouonyesha unapigwa mara moja, mwaka ukiisha. Namna ya pili ni wastani unaotembea: kila mzigo unapoingia, unapiga wastani upya kwa kile kilichopo stoo wakati huo. Duka hili liliuza madumu 50 kabla ya mzigo wa Machi, 150 kabla ya ule wa Juni, 200 kabla ya ule wa Oktoba, na 80 baada yake. Machi basi kulikuwa na madumu 50 ya 60,000, yakaingia 200 ya 66,000, wastani ukawa 64,800. Juni yalikuwa yamebaki 100 ya 64,800, yakaingia 200 ya 75,000, wastani ukawa 71,600. Oktoba ukapanda hadi 77,800. Mwisho wa mwaka madumu 120 kwa 77,800 yanatoa 9,336,000, na faida halisi inakuwa 3,336,000. Imekaa katikati ya zile mbili, kama inavyotarajiwa bei zinapopanda mfululizo, kwa sababu bei ya zamani haisahauliki, ila inapungua nguvu kila mzigo mpya unapoingia.

Sasa nirudi stoo. Kijana wa stoo ana tabia nzuri ya kuandika kwa chaki mwezi wa mzigo kwenye ubavu wa dumu. Mdogo mtu alipomulika simu safu ya nyuma, akaona madumu kumi na kitu yameandikwa Machi. Kijana amekuwa akichukua ya mbele kila siku, na mzigo mpya hupangwa mbele. Yule binti akanigeukia: "Haya ya Machi yalinunuliwa sitini na sita. Mbona unayaandika bei ya Oktoba?"

Nilimjibu kwamba fifo haifuati dumu, inafuata gharama. Bidhaa zinapokuwa zinalingana kiasi kwamba mteja hajali apewe lipi, kumfuata kila dumu kwa bei yake kungempa mwenye duka uwezo wa kuchagua faida. Akitaka faida kubwa, atauza madumu ya Machi na kuyaacha ya Oktoba ndani. Akitaka ndogo, atafanya kinyume. Kwa hiyo kanuni inataka uchague utaratibu mmoja wa kusafirisha gharama na uufuate, hata kama mikono ya kijana stoo inafanya vingine. Hilo halimwondolei kijana kosa: mafuta yana tarehe ya kuisha, na kuanzia jioni ile alielekezwa kutoa ya nyuma kwanza. Lakini hayo ni mambo ya utunzaji wa mzigo. Kadi ya gharama ni suala jingine.

Turudi kwenye droo, maana swali halijajibiwa.

Mauzo yaliingiza 39,600,000. Manunuzi ya mwaka, ukiacha madumu 100 ya kuanzia, yalikula 36,600,000. Gharama za duka zikala 3,000,000. Jumlisha hizo mbili za mwisho upate 39,600,000. Kila senti iliyoingia ilitoka. Ndiyo maana droo haikuongezeka hata shilingi moja. Faida yote ya mwaka, kwa njia yoyote uipigie, iko kwenye madumu: stoku ilianza 6,000,000 na kwa fifo imeishia 9,900,000. Zimeongezeka 3,900,000, ambazo ndizo faida yenyewe.

Lakini ongezeko hilo ni la aina mbili, na hapa ndipo nataka msomaji atulie nami. Duka lilikuwa na madumu 100, sasa lina 120. Madumu 20 ya nyongeza ni ukuaji wa kweli, unaweza kuyauza kesho na duka likabaki na mzigo uleule lililoanza nao. Kwa fifo kila dumu lililobaki lina wastani wa 82,500, kwa hiyo hayo 20 ni 1,650,000. Kiasi kinachobaki, 2,250,000, ni kupanda kwa bei juu ya madumu 100 yaleyale. Januari yalikuwa 60,000 kila moja, Desemba yameandikwa 82,500. Duka halijapata dumu la ziada kwa kiasi hicho, na haliwezi kuyauza madumu hayo bila kuyarudisha, maana pasipo madumu mia ukutani wateja watahamia duka la jirani. Zaidi ya nusu ya faida ya fifo ya mwaka ule ilikuwa ni bei tu.

Kwa wastani wa mwaka, hesabu hiyohiyo inatoa 1,420,000 za madumu 20 na 1,100,000 za bei. Kwa wastani unaotembea, 1,556,000 na 1,780,000. Hakuna njia inayoliondoa kabisa fungu la bei, ila wastani unalipunguza, kwa kuwa unazipeleka bei mpya kwenye gharama ya mauzo mapema zaidi.

Msimamo wangu basi ni huu. Kwa duka la ubia linalouza bidhaa za aina moja ambazo bei yake inapanda na kushuka, na ambalo wenye nalo wamezoea kugawana faida kila Desemba, wastani ndio unaofaa, na hasa ule unaotembea. Siusemi kwa sababu fifo ina uongo. Nausema kwa sababu namba ya faida katika duka kama hili haibaki kwenye karatasi. Inageuka fedha inayodaiwa. Dada na mdogo wake walikuwa wamekubaliana kugawana nusu kwa nusu, yaani 1,950,000 kila mmoja, na droo ina milioni moja. Ili kuilipa ahadi hiyo wangelazimika kuuza mzigo na kutonunua mwingine, au kukopa. Nimeshaona duka likifungwa namna hiyo, vitabu vyake vikionyesha faida miaka mitatu mfululizo, na kila mwaka mzigo ukutani ukiwa umepungua madumu.

Mwenye kutetea fifo ana hoja, na ni hoja nzito. Mizania yake inasema ukweli zaidi kuhusu stoku. Ukienda sokoni Mgandini Desemba ile kutafuta dumu kwa bei ya jumla ya 71,000, hulipati, lilikuwa limeshafika 84,000. Mkopeshaji anayetaka kujua duka lina mali kiasi gani atapata picha iliyo karibu na hali ya soko akiona 9,900,000 kuliko 8,520,000. Ndiyo sababu nyingine ya kuuchagua wastani unaotembea badala ya ule wa mwaka: haukai mbali na soko kiasi hicho, na faida yake haichochewi kama ya fifo.

Hoja nyingine inayotolewa ni kwamba tofauti hujirudisha yenyewe. Ni kweli. Stoku ya mwisho ya mwaka huu ndiyo stoku ya mwanzo ya mwaka ujao. Tuseme mwaka unaofuata duka linauza madumu 120 hayo tu kwa 88,000 kila moja kisha linafungwa. Mauzo yatakuwa 10,560,000. Aliyetumia fifo atatoa gharama ya 9,900,000 na kupata 660,000 kabla ya gharama za duka. Aliyetumia wastani wa mwaka atatoa 8,520,000 na kupata 2,040,000. Tofauti ni 1,380,000 zilezile, safari hii zimegeuka upande. Ukijumlisha miaka miwili, wote wamepata sawa. Hii ndiyo maana kuchagua njia ni kuchagua mwaka ambao faida itatajwa, hakubadilishi ukubwa wake. Lakini fedha iliyogawanywa Desemba ya mwaka wa kwanza haijirudishi droo kwa sababu mwaka wa pili hesabu imekaa sawa.

Na bei zikishuka? Hapo fifo ndiyo inayoumia kwanza, kwa kuwa imebeba bei za karibuni. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 2, kinachosimamia stoku, hakiruhusu uandike stoku kwa gharama iliyo juu ya kile utakachokipata ukiiuza. Unalinganisha gharama na bei unayotarajia kuuzia ukishatoa gharama za kuuza, unachukua iliyo ndogo. Chukulia meli zimeleta mafuta mengi, na ushahidi wa soko mwisho wa mwaka unaonyesha dumu litauzika 80,000, na mkokoteni wa kumfikishia mteja ni 1,000. Kinachobaki ni 79,000 kwa dumu, 9,480,000 kwa madumu 120. Stoku ya fifo ya 9,900,000 lazima ishushwe kwa 420,000, na faida ishuke nayo. Stoku ya wastani unaotembea, 9,336,000, inapita bila kuguswa, japo kwa nafasi ndogo. Ukiona kitabu cha fifo hakijawahi kushushwa bei hata mara moja katika biashara ambayo bei zake hupanda na kuanguka, uliza nani aliangalia.

Kiwango hichohicho ndicho kilichoiondoa njia ya tatu, ya kilichoingia mwisho kutoka kwanza. Marekebisho yake ya 2003, yaliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2005, yaliifuta. Kwa hiyo kwenye bidhaa zinazolingana, fifo na wastani ndizo zilizobaki, na stoku za aina moja na matumizi yaleyale hupigwa kwa njia moja.

Kuna watu huniuliza kama wanaweza kutumia fifo mwaka wanaotaka mkopo na wastani mwaka wanaoogopa kodi. Kwa kampuni inayotozwa asilimia 30 ya faida, ile tofauti ya 1,380,000 ni kodi ya 414,000, naielewa tamaa yake. Jibu ni hapana. Njia hubadilishwa pale tu ambapo mpya inatoa taarifa bora zaidi, na ukibadilisha unazirekebisha hesabu za nyuma pia, hivyo faida uliyodhani umeihamisha inarudi kwenye mwaka wake. Mfanyabiashara mdogo anayelipa kodi kwa kukadiriwa mauzo hata hana sababu ya kujisumbua, kwa sababu njia ya stoku haiyagusi mauzo yake.

Ndugu wale wa Ngamiani walikuwa wanafunga kitabu chao cha kwanza, kwa hiyo walikuwa na nafasi ya kuchagua kabla hawajajifunga. Dada mkubwa alinyamaza kwa muda, maana fifo ilikuwa ni kumbukumbu ya baba. Kisha akasema, "Mimi sitaki kugawana bei." Tukaandika wastani unaotembea, faida 3,336,000, na chini yake, kwa mstari wa pembeni ambao hakuna sheria inayoudai, nikaandika ni kiasi gani cha faida hiyo ni bei juu ya madumu mia ya kudumu: 1,780,000. Zilizobaki, 1,556,000, ndizo walizokubaliana kwamba zinaweza kugawanywa, lakini pole pole, kadiri yale madumu 20 yatakavyogeuka fedha. Jioni ile kila mmoja alichukua 200,000, droo ikabaki na 600,000.

Tarehe 2 Januari asubuhi mzigo uliingia, madumu 80 kwa 86,000, kabla hata dumu moja la mwaka mpya halijauzwa. Mdogo mtu alinipigia simu. Alikuwa ameshapiga mwenyewe: 9,336,000 za zamani, 6,880,000 za mzigo mpya, jumla 16,216,000, gawa kwa madumu 200. Alitaka tu nimhakikishie kwamba kwenye kadi aandike 81,080, na kwamba safu ya nyuma sasa ndiyo inayotoka kwanza.